Uzi: Kifuatiliaji cha lori kinazimika kwenye foleni ya Kasumbalesa, na mega zinaisha kabla ya nusu ya mwezi

MwenyeMalori_Kampemba

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Nina malori matatu yanayobeba mizigo kati ya Likasi, Lubumbashi na Kasumbalesa, na kijana wa mtaani kwetu aliniundia vifuatiliaji badala ya vile vya kununua ambavyo hutozwa ada kila mwezi. Ndani ya kila kisanduku mna Arduino Nano, moduli ya GPS aina ya NEO-6M, modemu ya SIM800L, betri moja ya 18650 iliyoandikwa 2600 mAh, chaja ya TP4056, kipandisha umeme kidogo cha MT3608 kinacholisha Nano na GPS kwa volti 5, na kishusha umeme cha LM2596 kinachoshusha volti 24 za lori hadi volti 5. Programu husoma mahali lori lilipo kila baada ya sekunde 30 na kupeleka kwenye seva kwa HTTP.

Lori likiwa barabarani sina lalamiko. Taabu inaanza foleni inaposimama mpakani Kasumbalesa, kwa sababu dereva huzima swichi kuu ya betri ili asiamke akakuta injini haiwaki, na tangu hapo kisanduku hujitegemea kwa betri yake. Ukizima leo mchana, kesho asubuhi sioni tena kitu kwenye ramani, na foleni yenyewe huweza kuendelea kwa siku kadhaa. Jambo la pili ni mega. Kijana alipiga hesabu kwamba kifurushi cha mega 100 kingetosha mwezi mzima na kubaki, lakini kinaisha kabla ya tarehe 15. Naomba wanaojua wanieleze umeme unakwenda wapi na mega zinakwenda wapi, maana sitaki kuongeza betri na vifurushi bila kujua chanzo.

Fundi_Simu_Katuba

Papa, hilo ni jepesi. Kijana wako anatuma mara nyingi mno. Badilisha sekunde 30 ziwe dakika 10, na utamaliza matatizo yote mawili kwa mkupuo mmoja, kwa sababu kinachomaliza betri ni kutuma. Hata simu yako ya mkononi ukizima data inakaa na chaji siku mbili.

MamaTaksi_Ruashi

Samahani kuingilia, mimi nina taksi-basi inayofanya njia ya Ruashi kwenda mjini, na nimefungiwa kitu kama hicho. Je, ni kweli kwamba mvua ikinyesha GPS inakula mega zaidi kwa sababu setilaiti ziko nyuma ya mawingu? Msimu wa mvua nilinunua mega mara mbili kila mwezi.

Injinia_Likasi

Mama, GPS haili mega hata moja. Ile moduli husikiliza tu mawimbi ya setilaiti, kama redio inavyosikiliza kituo; haiombi kitu wala kutuma kitu, na mawingu hayaizuii. Mega zinaliwa na modemu peke yake. Kama zilipungua zaidi msimu wa mvua, ningeangalia mtandao wa simu kwenye njia yako, kwa sababu mtandao ukikatika katikati ya kutuma, programu nyingi hurudia ujumbe uleule tena na tena, na kila jaribio hulipiwa hata kama halikufika.

Ndugu yangu wa Katuba yuko sahihi nusu. Kutuma kila dakika 10 kutapunguza mega, lakini betri haitahisi tofauti kubwa. Tuhesabu. NEO-6M ikiwa macho inakula miliampia 45 hivi. Nano, hata isipofanya kazi yoyote, inakula kama 20, kwa sababu ya taa yake, kidhibiti umeme na chipu ya USB. Jumla ni 65, lakini hizo ni kwa volti 5, na umeme wenu unatoka kwenye betri ya volti 3.7 kupitia kipandisha umeme ambacho nacho hupoteza kidogo, hivyo kwenye waya wa betri zinageuka kuwa kama 100. Modemu iliyosajiliwa kwenye mtandao na kukaa kimya inaongeza 18 au 20. Kwa hiyo kabla ya kutuma herufi moja tayari mko kwenye miliampia 120, na 2600 ukigawa kwa 120 unapata saa 21 na dakika kadhaa. Hicho ndicho anachokiona Papa: amezima mchana, asubuhi hakuna kitu. Sehemu kubwa ya umeme inakwenda kwenye kukaa macho bure, wala si kwenye kutuma.

Kabla ya kuniamini, pimeni. Wekeni multimeta katikati ya waya wa chanya wa betri, lakini tumieni tundu la ampia 10, msitumie lile la miliampia. SIM800L inapotuma huvuta mikupuo inayofika ampia 2 kwa muda mfupi sana, na tundu dogo lina upinzani unaotosha kushusha volti, modemu ikajizima, nanyi mkadhani mmegundua tatizo jipya.

KijanaWaVifaa

Shikamoo, mkubwa. Mimi ndiye niliyeunda vile visanduku. Nimepima kama ulivyoeleza: namba inacheza kati ya 115 na 130, na ninapochomoa GPS inashuka chini ya 60. Pia kuna kitu nilikuwa nakiona bila kukipa maana. Taa ya modemu hupepesa polepole, kila sekunde 3, lakini betri ikishafika nusu, mara nyingi wakati wa kutuma hurudi kupepesa haraka, karibu kila sekunde, kisha baada ya muda hutulia tena. Je, huo ni mtandao mbovu?

Injinia_Likasi

Hapana, modemu inazimika na kuwaka upya. Kupepesa kila sekunde 3 maana yake imesajiliwa. Kupepesa karibu kila sekunde maana yake bado inatafuta mtandao. Ikirudi kutafuta kila inapotuma, basi ule mkupuo wa ampia 2 umeshusha volti chini ya 3.4, ambayo ndiyo mpaka wake wa chini. Unganisha kompyuta kwenye waya wa TX wa modemu usome inachoandika. Ukiona mstari huu, mambo yamekwisha kujulikana:

```
UNDER-VOLTAGE WARNNING
```

Wameliandika hivyo hivyo kwa N mbili, usidhani ni waya. Ila zingatia kwamba volti ikiporomoka ghafla sana, modemu huzimika bila kupata nafasi ya kuandika lolote, kwa hiyo kukosa mstari huo si ushahidi kwamba umeme ni mzima. Dawa yake ni waya mfupi na mnene kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi modemu, usipitie kwenye ubao wa kutobolea wala zile waya nyembamba za rangi, pamoja na kapasita ya mikrofaradi 1000 au zaidi iliyochomelewa karibu kabisa na miguu ya modemu. Hili linagusa betri na mega kwa pamoja, kwa sababu kila inapowaka upya hutafuta mtandao kwa nguvu nyingi, hufungua data upya, na programu yako hurudia ujumbe ambao huenda seva ilikwisha kuupokea.

Sasa tuje kwenye lori lililosimama, maana hapo ndipo Papa anapoumia. Lori lililosimama halihitaji mtu wa kulitazama kila sekunde 30. Linahitaji kusema mara chache kwamba bado lipo, na kusema mara moja likiguswa. Kwa hiyo ningeondoa Nano niweke Arduino Pro Mini ya volti 3.3 iliyong'olewa taa yake, nikakitoa kipandisha umeme, na kuilaza Pro Mini usingizi kabisa. Iamshwe na mambo mawili: saa, kila baada ya saa 2, na kihisi cha mtikisiko. Kihisi kiwe kile cha silinda ndogo yenye springi ndani, kisicho na ubao. Vile vya SW-420 vyenye ubao na taa hula miliampia kadhaa muda wote, na vitakurudisha ulikotoka.

KijanaWaVifaa

Nimeelewa kuhusu Nano. Lakini GPS nikiikata umeme kabisa, kila ninapoiwasha hukaa zaidi ya nusu dakika kabla ya kutoa mahali, na lori likiwa limebanwa kati ya malori mengine hukaa hata dakika kadhaa. Sioni kama nitaokoa kitu.

Injinia_Likasi

Swali zuri, na jibu lake ndilo linaloamua kwa nini nimesema saa 2 na si saa 6. GPS ikiwashwa bila kumbukumbu yoyote lazima ipokee kutoka kwa kila setilaiti maelezo ya njia yake angani. Setilaiti huyatangaza polepole na kuyarudia kila sekunde 30, na ukikosa kipande kimoja kwa sababu ya bati au kontena lililo jirani, unasubiri duru nyingine. Ndiyo maana kwenye foleni inachukua dakika. Lakini maelezo hayo hubaki na thamani kwa muda wa saa 4 hivi. Ukiilaza GPS badala ya kuikata, inatunza kumbukumbu na saa yake kwa umeme mdogo mno, mikroampia 22 kwa upande wa chipu, na ukiiamsha kabla ya saa 4 kupita, inatoa mahali ndani ya sekunde chache. Ukiiamsha kila baada ya saa 6, utalipa ile nusu dakika kila mara. Ila maelezo yenyewe yanazeeka, kwa hiyo kila baada ya saa 4 hivi iache macho kama nusu dakika iyapokee upya.

Amri ya kuilaza ni hii, unaituma kama baiti, si kama maandishi:

```
B5 62 02 41 08 00 00 00 00 00 02 00 00 00 4D 3B
```

Kuiamsha, peleka baiti yoyote kwenye mguu wake wa RX, kisha usubiri kidogo kabla ya kusoma. Jihadhari na jambo moja: ukiwa umelaza GPS halafu programu yako ikatuma kitu kwa bahati mbaya kwenye waya huo, itaamka na kubaki macho, na betri itaisha huku msimbo wako ukionekana hauna kosa. Multimeta ndiyo itakayokuambia.

Fundi_Simu_Katuba

Nakubali hesabu ya GPS, sikuijua. Lakini kwa nini kuhangaika na SIM800L ya kizamani? Nunueni modemu ya 4G. Inatuma haraka na kulala haraka, na nimesoma kwamba kuna 4G ya vifaa vidogo ambayo betri yake hukaa miaka.

Injinia_Likasi

Ndugu, hizo ni 4G mbili tofauti. Ile inayokaa miaka kwa betri ni ya aina maalumu iliyotengenezewa vifaa vidogo, na usingizi wake mrefu hautokei mpaka mtandao wenyewe ukubali kuutoa. Modemu huomba, mtandao hujibu. Kabla ya kununua, nenda kwa mtandao wako uulize kama wanatoa huduma hiyo njia nzima hadi Kasumbalesa, si mjini tu. Modemu ya 4G ya kawaida, kwa ujumbe wa baiti 100 kila saa 2, haikupi faida ya maana. Itakuwa na haki yake pale 2G itakapozimwa kwenye njia zenu, kwa sababu SIM800L haijui kitu kingine zaidi ya 2G.

Kilichobaki cha umeme ni modemu yenyewe, na hapa kuna uamuzi ambao siwezi kumfanyia Papa. Unaweza kuilaza ikiwa imesajiliwa, kwa `AT+CSCLK=1` na mguu wa DTR ukiwa juu, ikala kama miliampia 1.2. Unaweza pia kuizima kabisa na kuiwasha kila baada ya saa 2. Kuiwasha na kuisajili huchukua tuseme sekunde 30 kwa wastani wa miliampia 100, ambazo ni kama 0.83 mAh kila mara. Ukigawa 0.83 kwa 1.2 unapata 0.69 ya saa, yaani dakika 41 hivi. Ukituma mara nyingi kuliko kila dakika 41, ilaze. Ukituma mara chache kuliko hapo, izime. Kwa saa 2, kuizima kunatumia 10 mAh kwa siku na kuilaza kunatumia 29.

MwenyeMalori_Kampemba

Injinia, nakushukuru kwa kunieleza taratibu. Lakini modemu ikizimwa, nikipiga simu au nikituma SMS usiku kuuliza lori liko wapi, haitajibu?

Injinia_Likasi

Haitajibu mpaka iamke. Ndiyo maana nimesema uamuzi ni wako. Ukiiacha imelala, jumla yote ya lori lililosimama itakuwa chini ya 40 mAh kwa siku: modemu 29, kutuma mara 12 kama 5, GPS kuamka mara 12 kama 3, na vingine vidogo. Tukichukua kwamba betri yako inatoa asilimia 80 ya ilichoandikwa, ni zaidi ya mwezi mzima kwenye foleni. Kwa betri iliyoandikwa namba kubwa kuliko ukweli wake, na hizo zimejaa sokoni, punguza nusu na bado unabaki salama. Mimi ningeiacha imelala.

Fundi_Simu_Katuba

Mimi ningeizima. Kwenye mtandao dhaifu, modemu iliyolala haipati hizo 1.2 unazosema. Itapoteza mnara, itatafuta, itapata, itapoteza tena, na kila kutafuta ni umeme. Nimeona simu ikiisha chaji mfukoni kwa sababu hiyohiyo.

Injinia_Likasi

Hapo umesema kweli, na sina la kukupinga. Hesabu yangu ni ya mahali penye mnara wa uhakika. Kwenye vipande vya barabara ambako mtandao unakuja na kuondoka, kuizima ndiyo busara. Pengine programu ipime nguvu ya mtandao kwa `AT+CSQ` kabla ya kulala, na ikipata namba chini ya 10 izime, ikipata zaidi ilaze. Mpaka wa 10 nimeuweka kwa kukadiria. Yeyote atakayepima aturudishie majibu.

DerevaMstaafu_Kasumbalesa

Wanangu, nimewasoma kwa utulivu, nami mambo ya miliampia siyajui, lakini Kasumbalesa naijua vizuri. Pale maegeshoni, simu yako unaweza kuiona inapokea ujumbe wa kukukaribisha Zambia wakati wewe hujavuka hata kizuizi. Ukisogea hatua kumi inarudi Kongo. Wengi wetu tulikuwa tukilala na kadi ya simu yenye pesa, tukiamka hakuna kitu. Je, hicho kisanduku hakifanyi hivyohivyo?

KijanaWaVifaa

Mzee, umenifungua macho. Nimeangalia kumbukumbu za seva: mahali ambapo ujumbe mwingi unarudiwa ni palepale mpakani.

Injinia_Likasi

Mzee, asante sana. Mimi ninayekaa Likasi nisingelifikiria haraka. Kijana, kila kabla ya kufungua data uliza hivi:

```
AT+CREG?
+CREG: 0,5
```

Namba ya mwisho ikiwa 1, uko kwenye mtandao wako. Ikiwa 5, modemu imehamia ugenini. Unaweza kuhakikisha kwa `AT+COPS=3,2` kisha `AT+COPS?`: namba inayoanza na 630 ni ya Kongo, inayoanza na 645 ni ya Zambia. Kwa laini ya kulipia kabla mara nyingi data ya ugenini haipiti kabisa, lakini programu yako haijui hilo. Inafungua, inashindwa, inangoja, inarudia, usiku kucha, huku modemu ikituma kwa nguvu zake zote. Hapo mega hazipungui lakini betri inaisha. Na kama laini yako imeruhusiwa ugenini, basi ni salio linaloisha. Sheria iwe rahisi: ukiona 5, usifungue data, hifadhi mahali lori lilipo kwenye kumbukumbu, lala, jaribu tena baadaye. Chipu ya kumbukumbu ya AT24C256 ina nafasi ya baiti 32768. Ukifunga kila alama ya mahali ndani ya baiti 16, unahifadhi alama 2048, ambazo zinatosha sana.

Ipo pia njia ya kuilazimisha modemu ishike mtandao mmoja tu kwa `AT+COPS=1,2,"630xx"`, ukiweka tarakimu za mtandao wako mahali pa xx. Siipendi, kwa sababu mtandao huo ukikosekana modemu haitachagua mwingine, na lori likivuka kwenda Ndola litakuwa bubu kabisa. Kwa malori yanayovuka kweli, sijaona suluhisho linaloshinda laini mbili, moja ya kila upande, nalo linahitaji modemu nyingine.

KijanaWaVifaa

Bado kuna mega. Hesabu yangu ilikuwa kwamba ujumbe mmoja wa HTTP, kwenda na kurudi, ni kama kilobaiti 1. Mara 2880 kwa siku ni mega 2.9, na kwa mwezi ni kama 86. Kwa nini 100 hazifiki nusu ya mwezi?

Injinia_Likasi

Nionyeshe unavyofungua na kufunga data. Kama unafanya `AT+SAPBR=1,1` kabla ya kila ujumbe na `AT+SAPBR=0,1` baada yake, basi unafungua kikao kipya mara 2880 kwa siku. Mitandao mingi huhesabu data kwa vipande na kuzungusha kila kikao kwenda juu. Ukituma kilobaiti moja na kidogo, kipande cha pili unalipia chote. Ukubwa wa kipande hutofautiana, kwa hiyo jaribu mwenyewe: angalia salio la mega, tuma ujumbe mwingi ukifungua na kufunga kila mara, angalia salio, kisha tuma idadi ileile ndani ya kikao kimoja, uangalie tena. Salio litakuambia bila kumuuliza mtu yeyote.

Halafu ujiulize ndani ya hicho kilobaiti 1 mna nini. Mahali, saa na mwendo vinaenea kwenye baiti 16. Yote yaliyobaki ni vichwa vya HTTP, jibu refu la seva ambalo kisanduku hakilisomi, na pakiti za TCP za kusalimiana na kuagana, kila moja ikiwa na baiti 40 za kichwa chake. Kwa hiyo lori likiwa mwendoni soma mahali kila sekunde 30, lakini usitume. Kusanya alama 10 na kuzituma pamoja kila dakika 5 kwa TCP tupu, `AT+CIPSTART`, seva ijibu kwa baiti moja tu. Alama 10 ni baiti 160, na pamoja na pakiti za njiani utakuwa kwenye 600 hivi. Lori likitembea saa 8 ni mara 96, kama kilobaiti 58 kwa siku. Ukiongeza taarifa za kusimama, mwezi mzima hauvuki mega 3 kwa lori moja, hata tukihesabu kurudia hapa na pale. Uzito wa kuzungusha vikao bado utakuwepo, kwa hiyo kikao kiache wazi lori likiwa linatembea, ukifunge likisimama.

WewaWaKamalondo

Na sisi wenye pikipiki? Nilifunga kifaa kama hiki, betri ya pikipiki ni ya 7 Ah, na nikiiacha wiki mbili nyumbani haiwaki kwa kitufe.

Injinia_Likasi

Pikipiki haina swichi kuu, kwa hiyo kishusha umeme chako cha LM2596 kinabaki kimeunganishwa usiku na mchana. Chenyewe tu, bila kulisha kitu, hula miliampia 5 hadi 10. Kwa 8, ni karibu 0.2 Ah kwa siku, na wiki mbili ni 2.7 Ah, kabla ya kuhesabu kifaa. Kwenye lori hilo halionekani. Kwenye pikipiki ni zaidi ya theluthi ya betri. Chukua umeme baada ya ufunguo, si kabla yake, na kifaa kitegemee betri yake ndogo pikipiki inapolala.

MwenyeMalori_Kampemba

Narudi na majibu. Kijana amebadilisha kisanduku kimoja kama mlivyoshauri, viwili bado. Lori lilisimama Kasumbalesa swichi kuu ikiwa imezimwa tangu foleni ilipofungwa hadi mzigo ulipovuka, na kisanduku kilisema kila saa 2 bila kukosa. Jaribio la kufungua na kufunga data lilionyesha kwamba njia ya zamani ilikula zaidi ya mara mbili kwa ujumbe uleule, kwa hiyo mega zimeeleweka.

Limebaki jambo moja. Kihisi cha mtikisiko kinaamka mno. Dereva akigeuka kwenye kitanda cha kabini, lori jirani likipita, kinaamka na kuwasha GPS. Betri inavumilia, lakini ni chini ya nilivyotarajia.

Injinia_Likasi

Usiruhusu mtikisiko mmoja uwashe GPS. Umwamshe Pro Mini peke yake, ahesabu kwa sekunde 20. Mtikisiko ukikatika, arudi kulala. Ukiendelea, apime volti za lori kwa resista mbili, ya kiloomu 100 upande wa lori na ya kiloomu 10 upande wa ardhi. Alternata ikifanya kazi volti hupanda karibu 28, na kwenye mguu wake ataona 2.5 hivi. Zaidi ya 26.5 za lori, injini imewaka, aanze kazi ya mwendoni. Volti zikiwa sifuri, swichi kuu imezimwa na lori linatikisika mfululizo: huenda linavutwa, na hapo ndipo anapaswa kuwasha GPS na modemu bila kuhurumia betri. Usiamini mwendo wa GPS chini ya kilomita 5 kwa saa, kwa sababu kati ya makontena mahali huonekana pakisogea mita kadhaa huku lori likiwa limesimama.

KijanaWaVifaa

Na lori likisogezwa hatua chache kwenye foleni, injini ikawaka dakika 2 na kuzimwa, mara nyingi kwa siku? Kila mara kisanduku kitadhani safari imeanza.

Fundi_Simu_Katuba

Hapo weka dakika 5 za injini kuwaka kabla ya kuhesabu safari.

Injinia_Likasi

Dakika 5 zinampa mwizi kilomita kadhaa. Mimi ningepima umbali badala ya muda: mita 300 kutoka mahali pa mwisho palipohifadhiwa. Lakini ili kupima umbali lazima GPS iwashwe, na hapo tunarudi kwenye umeme. Kijana, weka moja kwenye kisanduku cha pili na nyingine kwenye cha tatu, utuletee namba za betri foleni ijayo.

KijanaWaVifaa

Sawa, mkubwa. Lori la pili linapakia Likasi wiki hii. Nitaweka umbali kwenye hilo, na muda kwenye la tatu.